Aya Iliyokwisha Fasiriwa

Tunalisema neno letu tangu mlangoni, ili msomaji asihangaike kulitafuta ndani: mfasiri akutanaye na andiko la kitabu kitakatifu ndani ya hotuba, barua au kitabu anachokifasiri hana haki ya kulifasiri upya andiko hilo kwa sababu tu kalamu i mkononi mwake. Aya ile imekwisha fasiriwa. Watu wameisikia kanisani au msikitini, wamezikia nayo wazazi wao, wameifungia nayo ndoa. Kazi ya kwanza ya mfasiri ni kuitafuta ilipo, wala si kuitunga. Lakini hatuko pamoja vilevile na ndugu zetu wanaodhani kwamba kazi yaishia hapo. Wanaofungua Biblia au tafsiri ya Kurani, wakainakili aya kama ilivyo, wasitazame mwandishi aliitaka kwa kazi gani. Makosa haya mawili ni ndugu wa baba mmoja, na baba yao ni uvivu wa kusoma.

Katika kazi yetu ya utamaduni hapa Newala huletewa karatasi nyingi: tenzi, historia za koo, na siku hizi zaidi hotuba na insha za zamani zilizofasiriwa kutoka Kiingereza ili zisomwe mbele ya watu. Wasikilizaji wa huku si wa namna moja. Yuko Mwislamu aliyehitimu chuoni, yuko Mwanglikana ambaye babu yake alibatizwa na watu wa Masasi, yuko Mkatoliki aliyesomeshwa na mapadre wa Ndanda. Masasi ililipokea Neno kwa Kiswahili tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta huko watu waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo tusidhani kwamba msikilizaji wa uwanda huu wa Wamakonde ni debe tupu lingojalo kujazwa. Maneno ya vitabu hivi anayo tayari, naye huyatambua kama mtu atambuavyo sauti ya mjomba wake nje ya mlango.

Tuchukue mfano mmoja tuukalie. Mwezi wa Oktoba, mwaka 1970, Mwalimu Julius Nyerere alihutubia masista wa Maryknoll huko New York, juu ya Kanisa na jamii. Alisema kwa Kiingereza. Pana mahali katika hotuba hiyo panapojulikana sana: anakumbusha kwamba sisi husema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kisha anakataa katakata kumwaza Mungu aliye maskini, mjinga, mwoga, aliyeonewa na kudhalilika, na hali hiyo ndiyo iliyowapata wengi wa wale aliowaumba kwa mfano wake. Hatuzungumzii hapa tafsiri yoyote iliyokwisha chapwa ya hotuba hiyo. Tunazungumza juu ya mtu aliyeketi na karatasi nyeupe, mbele yake maneno ya Kiingereza, na saa mbili za usiku.

Mtu huyo atakuta neno moja la Kiingereza ambalo kamusi humpa maneno manne: sura, picha, sanamu, mfano. Kama hakuinuka kwenda kuifungua Biblia, atachagua moja kwa sikio lake. Tumewahi kuletewa kazi iliyochagua picha. Tukacheka kidogo, kwa sababu picha kwetu ni kitu cha kubandika ukutani, tena hupigwa kwa kamera. Lakini kuna lililo baya zaidi ya kicheko, nalo ni sanamu. Neno hilo katika Biblia ya Kiswahili ndilo hasa lililowekwa katika amri inayokataza watu kujichongea vitu vya kuabudu. Mfasiri aliyeandika kwamba mtu ameumbwa kwa sanamu ya Mungu amezigonganisha Mwanzo na Kutoka, na Mwalimu hakuzigonganisha. Na huku Newala anaamsha jambo jingine tena. Yako masimulizi mashuhuri ya Wamakonde juu ya mtu wa kwanza aliyekaa peke yake porini, akachonga mti, akausimamisha, na kulipokucha mti ule umekuwa mwanamke, mama wa kabila. Mbele ya wazee wa uwanda huu, ukitaja sanamu katika habari za kuumbwa kwa mtu, hawataenda nawe New York. Watakwenda bondeni kwa mchongaji yule. Hadithi ile ni nzuri, nasi twaipenda, ila si yeye aliyekuwa akiitaja.

Sasa afungue Biblia. Katika tafsiri ya Muungano, ambayo Agano lake Jipya lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, sura ya kwanza ya Mwanzo, aya ya 26, ina maneno mawili pamoja: mfano na sura. Aya ya 27, inayosimulia tendo lenyewe la kuumba, imeshika moja tu, mfano, na kulirudia. Biblia ya Habari Njema, iliyofanywa na Waprotestanti na Wakatoliki pamoja na kukamilika katika miaka ya 1990, nayo imelishika mfano. Basi lile neno la Kiingereza analoliona mfasiri limekwisha pata mwenzake wa Kiswahili, na mwenzake si sura wala picha wala sanamu. Ni mfano.

Je, litaibeba hoja ya Mwalimu? Hapa ndipo wanakili wetu hawafiki. Haitoshi neno kuwa la kanisani. Ni lazima liweze kufanya kazi iliyo mbele yake. Mwalimu hasemi habari za uso. Hoja yake yakwenda hivi: kilichofanywa kwa kufuata kitu humshuhudia kile kilichofuatwa, ukimwona mtu amedhalilika nawe wasema kafanywa kwa kumfuata Mungu, basi wamsema Mungu kuwa amedhalilika. Neno mfano laweza kubeba mwendo huo, kwa kuwa katika Kiswahili mfano ndicho kitu ambacho kingine hulinganishwa nacho. Neno sura lingeuvuta ukafungwa kwenye macho na pua. Tena Mwalimu analitumia neno lile mara mbili, mwanzoni mwa fungu na mwishoni mwake, kama mtu afungaye mzigo kwa kamba ile ile aliyoanzia. Mfasiri anayeandika mfano huku na sura kule, akidhani anapamba lugha kwa kubadili maneno, ameikata kamba.

Pana jambo la pili katika fungu hilo hilo. Mwalimu hakunukuu, alidokeza. Hakutaja kitabu, sura wala aya. Masista walijua atokapo, naye alijua kwamba wanajua. Kwa hiyo mfasiri atalishika neno la Biblia, lakini hataweka alama za kunukuu, wala hataingiza aya nzima ya Mwanzo ndani ya sentensi, wala hataandika tarakimu za aya katika mabano. Tumeona wafasiri wenye moyo wa ukatekista wakifanya hivyo, wakiamini wanamsaidia msomaji. Wanachofanya ni kumtia msemaji kinywani maneno ambayo hakuyasema, na kuigeuza hotuba ya kiongozi kuwa mahubiri. Dokezo hufasiriwa kwa dokezo: neno lile moja linalolitambulisha andiko liwe lile la andiko, na mengine yote yawe ya msemaji.

Na jambo la tatu, ambalo wafasiri wa mijini hulisahau. Hotuba hii ikisomwa Newala, nusu ya baraza au zaidi ni Waislamu. Kwao maneno mfano wa Mungu yana mgongano, kwa sababu Kurani, katika sura ya 42, aya ya 11, inakana kabisa kuwapo kitu kilicho mfano Wake. Mwislamu akisikia neno lile lile likisemwa kinyume, hatasikia tena habari za umaskini, atabaki hapo. Je, tulibadili neno ili asikwazike? Hapana. Tukilibadili tumemdanganya yeye na tumemdanganya Mkristo aliye pembeni yake. Tazama asemavyo Mwalimu: sisi husema. Sisi hao ni Wakristo, kwa kuwa alikuwa Mkatoliki akisema na masista Wakatoliki. Mfasiri aliyeitunza ile sisi vizuri, na kuweka kwenye utangulizi mstari mmoja wa kueleza hotuba ilitolewa kwa nani, amekwisha mweleza msikilizaji kwamba neno hili ni la Biblia nalo linasemwa na watu wake. Hakuna haja ya kulilegeza.

Watatuambia ndugu zetu wa upande mwingine: kama ni hivyo basi mmekubali, kila mahali tunakili tu. La. Itazame Zaburi ya 40. Katika aya yake ya sita mwimbaji anasema kwamba Mungu hakupendezwa na dhabihu, kisha anataja masikio yake, ambayo Mungu ameyafungua. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, sura ya 10, ananukuu mahali hapo hapo, lakini kwake hakuna masikio. Pana mwili ulioandaliwa. Naye anajenga juu ya neno hilo, kwani mistari michache mbele anafikia kutolewa kwa mwili wa Kristo. Sababu ni kwamba hakuwa akinukuu kutoka Kiebrania, bali kutoka tafsiri ya Kiyunani ya Wayahudi wa kale, iitwayo Septuaginta, na ndivyo ilivyosomeka humo.

Sasa mpe mfasiri wetu kitabu cha mahubiri cha Kiingereza, ambamo mhubiri anautaja mwili ule, anasema ni maneno ya Zaburi, na anaendelea kurasa mbili juu ya mwili. Mfasiri mtiifu atafungua Zaburi ya 40, atanakili masikio, na kurasa mbili zinazofuata zitakuwa kama nyumba isiyo na nguzo. Msomaji atauliza: mwili gani? Mfasiri jeuri naye atayafuta masikio, atie mwili, na aache chini jina la Zaburi, kana kwamba Biblia ya Kiswahili ndivyo isemavyo. Atakayekwenda kutazama ataikosa, na tangu hapo hatamwamini mfasiri huyo katika lolote. Njia ipo, wala si ya ajabu. Ni kuuliza mhubiri aliisoma wapi. Aliisoma katika Waebrania. Basi nenda Waebrania 10, na humo utaukuta mwili umekwisha wekwa kwa Kiswahili, kwa kuwa wafasiri wa Biblia hawakujaribu kuzipatanisha sehemu hizo mbili kwa nguvu. Kila moja waliiacha iseme yake. Walikabiliwa na swali letu hili hili, la nukuu ndani ya andiko refu, nao wakaamua kwamba nukuu humfuata aliyeinukuu.

Hiyo ndiyo kanuni tunayoitetea, na jinsi ya kuitumia ni nyepesi kwa mwenye subira. Mfasiri asome sentensi tatu zinazofuata nukuu kabla ya kuifasiri nukuu yenyewe. Apige mstari chini ya kila neno la nukuu ambalo mwandishi analishika tena. Kisha afungue tafsiri ya Kiswahili inayotambuliwa na wasomaji wake, aone kama maneno yale yaliyopigiwa mstari yamo. Yakiwamo, anakili, na anakili yote, hata mkato na herufi kubwa. Yasipokuwamo katika tafsiri hiyo, atazame nyingine iliyochapwa, kwani huenda imelishika, na aitaje kwa jina. Yasipokuwamo popote, hapo ndipo tunapompa ruhusa ya kufasiri mwenyewe, kwa sharti moja: aandike wazi kwamba hiyo ni tafsiri yake. Tunalolikataa kabisa ni lile la katikati: kuchukua tafsiri ya watu, kuigeuza maneno mawili matatu kimyakimya, na kuiacha ionekane ni ile ile.

Kwa sisi tunaotunga mashairi kishawishi hicho ni kikubwa, tuseme ukweli wa kazi yetu. Sikio linaona kwamba neno fulani la Muungano ni zito, kwamba mizani ingependeza zaidi hivi. Lakini msomaji hajui palipoishia Biblia na palipoanzia pambo letu. Waanglikana wenyewe walionyesha heshima hiyo katika kitabu chao cha sala cha mwaka 1662. Nyaraka na Injili zilibadilishwa zikachukuliwa katika tafsiri mpya ya mwaka 1611, lakini Zaburi waliziacha katika tafsiri ya zamani ya Coverdale, ya karne iliyotangulia, kwa kuwa watu walizoea kuziimba hivyo. Kitabu kimoja, tafsiri mbili, na hakuna aliyejaribu kuzichanganya ndani ya aya moja.

Kwa upande wa Kurani mambo yanataka uangalifu zaidi, na hapa ndipo tunapoona madhara makubwa. Mfasiri anakuta aya ndani ya kitabu cha Kiingereza, anaigeuza kutoka Kiingereza, na aya iliyoshuka kwa Kiarabu inamfikia Mwislamu wa Newala ikiwa mkono wa tatu. Tena tafsiri za Kiswahili zipo tangu zamani. Iko ya Padre Godfrey Dale wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ya mwaka 1923. Iko ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Waahmadiya, ya mwaka 1953. Iko ya Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy, Kurani Takatifu, iliyotoka kamili mwaka 1969. Iko ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, ya mwaka 1995. Anayedhani kuchukua mojawapo ni kama kuchukua kamusi rafuni amekosea. Ya Dale ilifanywa na padre kwa haja za misheni, na Waislamu hawakuipokea. Ya Waahmadiya ilipingwa vikali, na Al-Farsy mwenyewe alikuwa mmoja wa waliosimama kuijibu. Ukimnukuu Dale mbele ya Waislamu bila kumtaja, umeweka upande na hukuwaambia.

Kuna alama ndogo inayomfichua mfasiri asiyejua alikochukua, nayo ni hesabu ya aya. Katika misahafu ya kawaida, Bismillahi inahesabiwa kuwa aya ya kwanza katika Alfatiha tu. Katika nakala za Waahmadiya inahesabiwa kuwa aya ya kwanza katika kila sura iliyo nayo, hivyo hesabu yao huzidi moja. Ayatul Kursiyyu, ambayo kila mtoto wa chuoni aijua kuwa ni aya ya 255 ya sura ya pili, kwao ni ya 256. Ukiona kazi inataja 256 na maneno yake ni ya Ayatul Kursiyyu, usikimbilie kusema mpiga chapa amekosea. Ujue kwanza kitabu kilichokuwa mezani. Zaburi nazo zina mtego wa namna hiyo: vitabu vya Kikatoliki vya zamani hufuata hesabu ya Kilatini, na Zaburi ya mchungaji, ambayo wengine huiita ya 23, humo ni ya 22. Mfasiri akiinakili tarakimu bila kuyasoma maneno, ataleta Zaburi isiyohusika.

Na anayemnakili Al-Farsy ayatunze mabano yake. Sheikh alitia maneno mengi ya kufafanua ndani ya mabano, ili asomaye ajue kwamba hayo ni maelezo yake wala si aya. Tumeona karatasi ambazo mabano yameondolewa ili ukurasa upendeze. Aliyeyaondoa ameyafanya maneno ya mwanachuoni wa Unguja kuwa maneno ya Mwenyezi Mungu, na Al-Farsy angekuwa wa kwanza kumkemea.

Limebaki jambo moja, la mtu anayenukuu vibaya kwa makusudi au kwa kusahau. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, Shailoki anasimulia habari za Yakobo na kondoo wa Labani ili kuhalalisha riba yake. Anaisimulia kwa namna imfaayo yeye, na Antonio akisikia anasema kwamba hata shetani hujua kuyatumia Maandiko. Mfasiri ambaye, kwa ucha Mungu wake, angeyafuta maneno ya Shailoki na kupachika sura ya 30 ya Mwanzo kama ilivyochapwa, angemfanya Antonio amkemee mtu asiye na kosa. Majina yawe yale ya Biblia, Yakobo na Labani, ili hadhira ijue hadithi ni ipi; upindaji uachwe kwa mpindaji. Ndivyo pia kwa mzee anayesimulia maisha yake na kuitaja aya kwa kumbukumbu, akaikosea neno. Neno lake liandikwe alivyolisema. Kama kosa lapotosha, mhariri aeleze chini ya ukurasa.

Vivyo hivyo kwa maandishi yetu ya zamani yanayochapwa tena. Katika tafsiri ya Unguja ya Steere na wenzake, Mwokozi aliitwa Isa Masiya, na barua za Wakristo wa kale wa Masasi zilizotungwa katika Kiswahili hicho haziwezi kutarajiwa kusema vingine. Siku hizi wapo wahariri wanaopita na kalamu nyekundu, kila Isa wakamfanya Yesu na kila nukuu wakaipeleka kwenye Muungano, kitabu ambacho waandishi wale hawakukiona, kwa kuwa kilitoka walipokuwa wamekwisha kufa. Tunawaomba waache. Mwenye kutaka kumsaidia msomaji wa leo na atie tanbihi moja mwanzoni, aseme Isa Masiya ndiye Yesu Kristo, kisha amwachie mzee wa Masasi Biblia aliyokuwa nayo.